Kutafsiri CV ya Kifaransa kutoka Kongo iliyopigwa picha: dalili za makosa na vyanzo vyake

Mwajiri anayepiga picha CV na kukutumia kwa simu hahitaji maneno peke yake. Anataka kujua mambo mawili: mwombaji amesoma hadi wapi, na kazini alikuwa akifanya nini hasa. Hapa tunashughulikia CV moja inayowasumbua wafasiri wanaofanya kazi na waajiri wa Tanzania, ile ya Kifaransa ya mtu aliyesoma Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Inasumbua kwa sababu ina maneno tunayodhani tunayajua, kama diploma na injinia, ila kule yamekaa kwenye ngazi nyingine.

Tuchukue mfano mmoja na twende nao hadi mwisho. Fundi umeme ameandika hivi:

```
2005-2011      Diplôme d'État, option Électricité générale, 58 %
2011-2014      Graduat en Électricité (Ingénieur technicien), ISTA Kinshasa, Distinction
2014-2015      Stagiaire, service maintenance
2015-2017      Électricien journalier
2017 à ce jour Chef d'équipe maintenance (agent de maîtrise)
```

Tafsiri ya haraka hutoka hivi: ana stashahada ya serikali ya umeme, ana shahada ya uhandisi, amefanya kazi ya matengenezo tangu 2014, na sasa ni mkuu wa matengenezo mwenye shahada ya uzamili. Karibu kila kipande cha sentensi hiyo kina kosa, na kila kosa lina chanzo chake.

Dalili: miaka haijumlishiki

Umesoma kwamba sekondari ilikuwa 2005 hadi 2017, kisha chuo 2011 hadi 2014. Haiwezekani. Kabla ya kumshuku mwombaji, ishuku picha. Kwa mwandiko wa mkono wa watu waliosoma kwa Kifaransa, tarakimu 1 huanza na mstari mrefu wa mshazari unaopanda, hivyo kwenye picha yenye ukungu inaonekana kama 7. Saba yao kwa kawaida hukatwa kwa kistari katikati. Kwa hiyo ukiona "7" isiyo na kistari kwenye karatasi ambayo saba nyingine zimekatwa, hiyo huenda ni 1. Kwenye CV iliyochapwa tatizo hili ni dogo, lakini vyeti vinavyoambatanishwa mara nyingi vimejazwa kwa kalamu, na CV zenyewe husahihishwa kwa kalamu.

Kipimo chako ni hesabu ya masomo. Sekondari ya Kongo ni miaka 6 baada ya miaka 6 ya msingi. Siku hizi miaka miwili ya kwanza huitwa mwaka wa 7 na wa 8 wa elimu ya msingi, ikifuatiwa na minne ya "humanités", lakini jumla imebaki 12. Graduat, cheti cha kwanza cha chuo baada ya sekondari, ni miaka 3. Mwombaji wetu ana 2005-2011 na 2011-2014, hivyo 6 na 3 zinakaa sawasawa. Zingezidi, bado usingekuwa na ruhusa ya kuzirekebisha: mtu anaweza kurudia mwaka, au chuo kufungwa kwa migomo. Andika ulichokiona, weka alama ya kuuliza kwenye mabano, na umwombe mwajiri picha nyingine.

Unapoiomba, mwambie hasa unachotaka. Karatasi ilazwe mezani karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, simu iwe juu kabisa ya karatasi bila kuinamia upande, na pembe zote nne zionekane. Kila ukurasa uwe na picha yake, na nyuma ya cheti pia ipigwe hata kama inaonekana tupu, kwa sababu mihuri ya kuthibitisha nakala wakati mwingine hugongwa huko. Kwenye WhatsApp atume kama hati, si kama picha. Picha ya kawaida hubanwa, na herufi ndogo ndizo hufa kwanza. Pale pasiposomeka andika [haisomeki], na palipokatwa andika [ukingo umekatwa]. Kukisia neno lililokatwa ni hatari kuliko kuacha pengo, kwa kuwa mwajiri hawezi kutofautisha kisio lako na maneno ya mwombaji.

Jambo jingine dogo lililo pembeni mwa hili ni jina. Mkongo kwa kawaida ana "nom", "postnom" na "prénom", yaani jina la familia, jina linalolifuata na jina binafsi, kwa mpangilio huo. Usiligeuze ili lifuate utaratibu wa kwetu wa jina la kwanza, la baba na la ukoo. Likigeuzwa halitalingana na pasipoti, na hapo cheti na mtu vitaonekana ni vya watu wawili.

Dalili: mhitimu wa sekondari anatokea ana stashahada

Hili ndilo kosa linalotokea zaidi. "Diplôme d'État" si stashahada wala si cheti maalumu cha serikali. Ni cheti cha mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na anayekipata huitwa "diplômé d'État". Kwetu diploma ni stashahada, yaani ngazi ya 6 ya tuzo za kiufundi za NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Mfasiri akiliona neno "diplôme" mkono wake huandika stashahada wenyewe, na mwajiri anaamini mtu amepita chuo.

Sasa kilinganishwe na nini? Hesabu miaka tangu darasa la kwanza. Mwenye Diplôme d'État amesoma miaka 12. Kwa mfumo wa Tanzania wa miaka 7 ya msingi, kidato cha nne ni miaka 11 na kidato cha sita ni 13. Amekaa katikati, na ni afadhali useme hivyo kuliko kumsukuma upande mmoja. Andika "cheti cha taifa cha kumaliza sekondari, miaka 12 ya masomo tangu darasa la kwanza". Kama mwajiri ni Mkenya aliyezoea mfumo wa 8-4-4, miaka hiyo 12 inaangukia kidato cha nne. Mwombaji ni yuleyule, cheti ni kilekile, ila mlinganisho unabadilika kulingana na anayesoma. Ndiyo sababu lazima ujue tafsiri inakwenda nchi gani kabla hujaanza.

Neno "option" linalofuata ni mchepuo. "Électricité générale" ni mchepuo wa ufundi, maana yake kijana huyu alishika bisibisi na mita akiwa bado sekondari. Usiliache. Kwa nafasi ya fundi, mwajiri huenda akathamini mchepuo huo kuliko cheti cha chuo kinachofuata.

Na asilimia 58? Iandike kama ilivyo, 58%. Usiigeuze kuwa daraja la pili wala la tatu, kwa sababu madaraja ya NECTA hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo na si kwa wastani wa asilimia. Kuhusu sifa za chuo, kwa utaratibu wa Kongo "Satisfaction" huanza asilimia 50, "Distinction" huanza 70, na "Grande distinction" huanza 80. Kwa hiyo "Distinction" ya fundi wetu ni matokeo mazuri ya kuanzia 70. Si alama ya juu kabisa kama neno linavyodokeza kwa anayelisoma kwa masikio ya Kiingereza.

Dalili: fundi sanifu amegeuka mhandisi

"Ingénieur technicien" ni cheo kinachotolewa kwa anayemaliza graduat ya ufundi, miaka 3 baada ya sekondari. Ukiandika "mhandisi" umempa mwombaji cheo ambacho Tanzania kinasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwajiri akimtaja hivyo kwenye zabuni au kwenye orodha ya wataalamu wa mradi, anayebeba lawama ni yeye, si wewe. Andika "fundi sanifu wa umeme wa ngazi ya graduat", na cheo cha asili ukiweke kwenye alama za kunukuu.

Ngazi yenyewe tuipime tena kwa miaka. Kumi na miwili ya shule na mitatu ya chuo ni 15. Stashahada ya Tanzania baada ya kidato cha nne ni 11 na 3, yaani 14. Shahada baada ya kidato cha sita ni 13 na 3, yaani 16, na ya uhandisi ambayo huchukua miaka 4 inafika 17. Graduat basi iko juu ya stashahada na chini ya shahada, mahali ambapo kwenye ngazi za NACTVET hukaa stashahada ya juu, ngazi ya 7. Hiyo ni hesabu ya miaka, wala si uamuzi. Iandike hivyo: "kwa hesabu ya miaka iko karibu na stashahada ya juu".

Kuna mtego wa upande wa pili ambao huwashusha watu. Ukikutana na "ingénieur civil" usiandike mhandisi ujenzi. Katika desturi ya Kibelgiji ambayo Kongo iliirithi, hicho ni cheo cha mhandisi wa chuo kikuu wa fani yoyote. Kuna "ingénieur civil des mines" na kuna "ingénieur civil électricien". Fani iko kwenye neno linalofuata. Ukimwita mhandisi wa migodi mhandisi ujenzi, CV yake inatupwa kwa kukosa sifa alizonazo.

Dalili: licence mbili, miaka tofauti

Fundi wetu hana licence, cheti cha ngazi ya shahada, lakini CV inayofuata itakuwa nayo, na hapa tarehe ndiyo hakimu. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, licence ilikuja baada ya graduat na kuchukua miaka 2 zaidi, jumla miaka 5 ya chuo. Mfumo wa LMD, yaani licence, master na doctorat, ambao ulienezwa kwenye vyuo kwa jumla kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, una licence ya miaka 3 inayoanza moja kwa moja baada ya sekondari, kama ya Ufaransa. Neno ni moja, tofauti ni miaka miwili.

Kwa hiyo usiandike "shahada" na kusonga mbele. Tafuta graduat kwenye mistari iliyotangulia. Kama ipo na licence inafuata kwa miaka 2, huo ni mfumo wa zamani: miaka 17 ya masomo kwa jumla, na hiyo inasimama bega kwa bega na shahada yetu ndefu. Kama hakuna graduat na licence ni ya miaka 3, ni LMD. Kigezo hicho hicho kinafungua vifupisho. "L2" kwenye CV ya mfumo wa zamani ni mwaka wa mwisho, mwaka wa tano wa chuo. Kwenye LMD ni mwaka wa pili tu. "G3" ni mwaka wa tatu wa graduat.

Angalia pia neno "finaliste". Kule humtaja mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. "G3 finaliste" si mhitimu, na kama hakuna tarehe ya kutunukiwa cheti wala jina la cheti chenyewe, mwandikie mwajiri wazi kwamba CV haionyeshi kama alimaliza.

Wauguzi na mafundi wengine huandika herufi na namba badala ya jina la cheti: A2, A1, A0. Kwa kawaida A2 ni sekondari ya ufundi, A1 ni ngazi ya graduat, na A0 ni licence. Namba inashuka ngazi inapopanda, na mwajiri asiyejua atadhani A2 ni zaidi ya A1. Maneno mawili ya ufafanuzi yanatosha.

Dalili: majukumu yanasomeka makubwa mno, au hayana uzito

Vyeti vinahesabika kwa miaka. Majukumu hayahesabiki, na hapa ndipo tafsiri nyingi huharibika bila mtu kugundua, kwa kuwa sentensi zinasomeka vizuri.

Anza na hali ya ajira kabla ya kazi yenyewe. "Stagiaire" ni mtu aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Mwaka wa 2014-2015 hauingii kwenye uzoefu wa kazi kama mwajiri anahesabu ajira peke yake, ila unaingia kama anahesabu muda wa kushika vifaa. Andika "mafunzo kwa vitendo" na umwachie ahesabu. "Journalier" ni kibarua anayelipwa kwa siku. Hilo halimpunguzii mtu ustadi, lakini linaeleza kwa nini hana barua ya ajira ya miaka hiyo, na mwajiri akilijua mapema hatamshuku. "Par intérim" ni kukaimu, na "CDI" na "CDD" ni mkataba usio na kikomo na mkataba wa muda maalumu.

Kisha "agent de maîtrise", ambayo kwenye tafsiri yetu ya haraka ilizaa shahada ya uzamili. Haihusiani na masomo. Ni daraja la ajira lililo kati ya wafanyakazi wa kawaida na maofisa wa juu, ambao kwa Kifaransa huitwa "cadres". Kwetu mtu huyo ni msimamizi wa kazi, yule mafundi wanayempigia simu mashine ikizima, na ambaye naye hupeleka taarifa kwa mkuu wa idara. "Chef d'équipe" inathibitisha hilo: ni kiongozi wa timu. Neno "chef" peke yake halimfanyi mtu kuwa meneja. "Chef d'équipe" na "chef de département" wako mbali, na kinachowatenganisha ni neno la pili.

Sasa vitenzi. Chini ya kazi ya sasa, fundi wetu ameorodhesha:

```
- Assurer la maintenance préventive et curative des groupes électrogènes
- Contrôle des tableaux BT
- Dépannage des moteurs triphasés
- Encadrement de 4 électriciens
- Participer à l'élaboration du budget
```

"Assurer" haina uhusiano na bima. Maana yake kazi hiyo iko mikononi mwake na ndiye anayehakikisha inafanyika, kwa hiyo tafsiri "anafanya na kuhakikisha matengenezo ya jenereta, ya kinga na ya kurekebisha hitilafu". "Contrôle" huwadanganya wengi: hapa ni kukagua na kupima. Ukiandika "kudhibiti mbao za umeme", mwajiri atadhani anaongoza mitambo kutoka chumba cha uendeshaji. BT ni msongo mdogo na MT ni msongo wa kati. Tofauti hiyo ni ya usalama, maana aliyezoea BT hapaswi kupelekwa kwenye MT kwa sababu tu mfasiri aliandika "umeme". "Dépannage" ni kutafuta hitilafu na kuiondoa, si kukarabati motor yote wala kuisuka upya. "Encadrement" ni kuwasimamia na kuwaelekeza, na ile 4 usiipoteze kabisa; ndiyo inayopima ukubwa wa cheo.

"Participer à" inataka uangalifu zaidi ya zote. Amechangia kuandaa bajeti. Hakuiandaa. Katika CV yoyote, weka vitenzi kwenye ngazi tatu kichwani mwako: anayesaidia au kuchangia, anayefanya mwenyewe, na anayesimamia au kuamua. Kitenzi cha asili kikiwa ngazi ya kwanza, chako kibaki ngazi ya kwanza. Tafsiri inayopandisha vitenzi ngazi moja kila mstari humfikisha fundi kwenye usaili wa umeneja, na huko huulizwa maswali ambayo hakuwahi kudai kuyajua.

Cheo kikibaki na utata, mpe mwajiri maswali matatu ya kumuuliza mwombaji: ulikuwa unaripoti kwa nani, walikuwa wangapi chini yako, na ni karatasi gani zilihitaji sahihi yako. Anayesaini maombi ya vipuri na anayesaini malipo hawako daraja moja, hata kama wote wameandika "responsable".

Baada ya masahihisho

CV yetu sasa inakwenda kwa mwajiri hivi:

2005-2011: Cheti cha taifa cha kumaliza sekondari, "Diplôme d'État", mchepuo wa umeme, 58%. Miaka 12 ya masomo tangu darasa la kwanza.

2011-2014: "Graduat" ya umeme, cheo cha "Ingénieur technicien" (fundi sanifu), ISTA Kinshasa, sifa ya "Distinction". Miaka 3 baada ya sekondari. Kwa hesabu ya miaka iko karibu na stashahada ya juu.

2014-2015: Mafunzo kwa vitendo, kitengo cha matengenezo.

2015-2017: Fundi umeme, kibarua wa kutwa.

2017 hadi sasa: Kiongozi wa timu ya matengenezo, daraja la msimamizi wa kazi. Anafanya na kuhakikisha matengenezo ya jenereta, ya kinga na ya kurekebisha hitilafu; anakagua mbao za umeme za msongo mdogo; anatafuta na kuondoa hitilafu za motor za fezi tatu; anasimamia mafundi umeme 4; anachangia kuandaa bajeti.

Ona kwamba majina ya asili ya vyeti yamebaki. Yakiondolewa, hakuna ofisi itakayoweza kulinganisha tafsiri na cheti chenyewe.

Chini yake weka maelezo mafupi yaliyojitenga na CV, yenye jina lako kama mfasiri: milinganisho ni ya kumsaidia msomaji na haina nguvu ya kisheria. Ulinganifu rasmi wa cheti cha sekondari hutolewa na NECTA, wa tuzo za vyuo vya ufundi ni kazi ya NACTVET, na wa shahada za vyuo vikuu ni wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwa fundi huyu ongeza kwamba kufunga umeme Tanzania kunahitaji leseni ya EWURA, ambayo CV haiwezi kuibadili hata ikitafsiriwa vizuri namna gani. Picha zenyewe zina tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na pengine namba ya pasipoti ya mtu ambaye hajui kwamba unazo, kwa hiyo kazi ikishapokelewa zifute kwenye simu, kwenye mazungumzo, na kwenye nakala zinazojihifadhi zenyewe mtandaoni.